Klipu ya wima na video mama: jinsi ya kuzilinganisha kwa haki kwenye YouTube

Klipu ya sekunde 45 imetazamwa mara 41,000. Video ya dakika 22 ambayo klipu hiyo ilikatwa ndani yake imetazamwa mara 1,900. Wengi huishia hapo, wakaamua kwamba video ndefu hazina faida tena. Huo ni uamuzi wa haraka mno, kwa sababu namba hizo mbili hazihesabu kitu kimoja hata kama YouTube Studio, ukurasa wa takwimu za chaneli yako, imeziandika kwa neno lilelile.

Mwongozo huu ni wa YouTube peke yake, na ni wa jambo moja: una video ndefu, nitaiita video mama, umekata klipu ndani yake, na unataka kujua klipu ilifanya kazi gani ikilinganishwa na mama yake. Mfano wetu ni fundi wa pikipiki wa Busia, upande wa Uganda, anayefundisha kwa Kiswahili. Video mama yake inaonyesha jinsi ya kufungua na kusafisha kabureta ya Bajaj Boxer. Klipu ni sehemu ya kuzibua jeti ndogo, kuanzia dakika 7:40 hadi 8:25. Fundi huyu na namba zake zote ni za mfano, nimezitunga ili hesabu ionekane. Wewe utaweka zako.

Hatua ya 1: Panga kabla ya kuchapisha

Ulinganisho mzuri huanza kabla klipu haijatoka. Video mama ikitoka Jumatatu na klipu Jumanne, hutajua kamwe ni nani aliyemvuta mwenzake, maana siku za kwanza video mama hupanda yenyewe. Iache itulie. Fundi wetu alisubiri wiki nane, mpaka video mama ikawa inatazamwa wastani wa mara 22 kwa siku, leo kidogo zaidi, kesho kidogo pungufu. Huo utulivu ndio kipimo chake cha baadaye.

Ukiwa na klipu tatu za video moja, usizimwage zote siku moja. Zipe wiki mbili mbili. Najua ni mateso kwa mtu ambaye klipu ziko tayari kwenye simu, lakini zikitoka pamoja utapata jibu moja la klipu tatu.

Kisha unganisha klipu na mama yake. Kwenye YouTube Studio fungua klipu, nenda sehemu ya maelezo, tafuta "Related video" na uchague video mama. Usitegemee kuweka kiungo kwenye maelezo au kwenye maoni ya klipu: tangu tarehe 31 Agosti 2023, viungo vya sehemu hizo kwenye Shorts, yaani klipu za wima kama hii, havibonyezeki. Bado kuna chaneli nyingi zinazoandika "video kamili iko hapo chini" wakati hapo chini hakuna cha kubonyeza, halafu wenyewe wanalalamika kwamba klipu hazileti watu.

Andika pia tarehe kwa uangalifu. Siku ya YouTube Studio hufuata saa za Pasifiki, kule California. Kwetu Uganda siku hiyo huanza saa nne asubuhi wakati wenzetu wako kwenye saa za kiangazi, na saa tano asubuhi miezi mingine. Kwa hiyo klipu uliyoichapisha Alhamisi saa mbili asubuhi, kwenye grafu ya siku itaonekana ya Jumatano. Usipolijua hilo utaona video mama "imepanda kabla ya klipu kutoka" na utaanza kutafuta maelezo ya ajabu.

Hatua ya 2: Chukua namba zinazolingana

Tangu tarehe 31 Machi 2025, "Views" ya Shorts huongezeka kila klipu inapoanza kucheza au kujirudia, hata kama mtu ametelezesha kidole papo hapo. Klipu inayojizungusha yenyewe hujiongezea hesabu bila mtu mpya kuja. Ile hesabu ya zamani, ya waliobaki wakatazama, haikufutwa. Imehamia kwenye jina la "Engaged views", na utaipata kwenye uchambuzi wa kina, "Advanced mode". Hiyo ndiyo ya kutumia. Klipu ya fundi wetu ina "Views" 41,000 lakini "Engaged views" 18,500. Zaidi ya nusu ya sherehe imeshaondoka.

Sasa linganisha umri kwa umri, si kalenda kwa kalenda. Siku 28 za kwanza za klipu zilinganishwe na siku 28 za kwanza za video mama, hata kama zimepishana miezi miwili. Chagua tarehe mwenyewe kwenye kichagua tarehe, na usiguse siku mbili za mwisho kabla ya leo kwa sababu namba zake huwa hazijakamilika.

Kwa kila upande chukua namba tatu tu: mara ilizotazamwa, saa zilizotazamwa, yaani "Watch time (hours)", na waliojiunga na chaneli kupitia video hiyo. Fundi wetu alipata hivi. Video mama, siku 28 za kwanza: mara 1,900, saa 195, waliojiunga 38. Klipu, siku 28 za kwanza: "Engaged views" 18,500, saa 130, waliojiunga 46.

Angalia saa. Klipu iliyoonekana kubwa mara ishirini na zaidi imetazamwa kwa saa chache kuliko video mama. Gawanya na utaona sababu: kila mtazamo wa video mama ulileta dakika sita na ushei, na kila "Engaged view" ya klipu ililetea chaneli sekunde 25 hivi. Kwa waliojiunga, video mama ilipata 20 kwa kila mara elfu moja ilizotazamwa, klipu ikapata wawili na nusu.

Kwa anayetafuta kulipwa kuna jambo jingine. Ili kuingia kwenye mgao kamili wa matangazo unahitaji sabskraiba 1,000 pamoja na saa 4,000 ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za Shorts ndani ya siku 90. Saa zinazotazamwa kwenye mlisho wa Shorts haziingii kwenye zile 4,000. Kwa hiyo saa 195 za video mama zinamsogeza fundi wetu, na saa 130 za klipu hazimsogezi hata kidogo, labda awe anakimbilia ile njia ya milioni 10, ambayo kwa mada ya kabureta kwa Kiswahili mimi singeitegemea.

Hatua ya 3: Soma grafu mbili za sekunde zilezile

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi hawafiki. Kwa kuwa klipu imekatwa ndani ya video mama, una kitu ambacho waandaaji wa klipu za kawaida hawana: maudhui yaleyale yametazamwa na kundi la watu wa aina mbili. Studio inakuonyesha, kwa kila video, asilimia ya watu waliobaki sekunde hadi sekunde, chini ya kichwa "Key moments for audience retention".

Fungua grafu ya video mama na usimame dakika 7:40. Tuseme wamebaki asilimia 42. Dakika 8:25 wamebaki 37. Usiandike "imeshuka asilimia tano." Gawanya 37 kwa 42, upate 0.88, yaani asilimia 88. Maana yake, kati ya watu 100 waliokuwepo sehemu hiyo ilipoanza, 88 walikuwepo ilipoisha.

Kwenye klipu, sekunde za mwanzo zimechafuliwa na watu waliokuwa wanapita tu kwenye mlisho. Waache waende. Anza kuhesabu sekunde ya tatu. Tuseme hapo wapo asilimia 74, na mwishoni 51. Gawanya 51 kwa 74, upate asilimia 69.

Je, 69 dhidi ya 88 inamaanisha klipu ni mbovu? Hapana. Aliyefika dakika ya nane ya video mama ni mtu mwenye pikipiki iliyogoma, ameshaketi, bando ameshalitoa sadaka. Wa klipu amekutana nayo akipita. Asilimia zao hazitalingana na hazitakiwi kulingana. Unachotafuta ni umbo la mstari: unashuka wapi, na je, upande wa pili nao unashuka hapohapo?

Mistari yote miwili ikishuka sekunde ileile, tatizo ni la maudhui yenyewe. Labda fundi alinyamaza, labda alirudia jambo mara tatu. Kukata upya hakutasaidia sana, na sehemu hiyo unaweza kuiondoa kwenye klipu ijayo.

Klipu ikishuka mahali ambapo video mama imetulia, tatizo ni la ukataji. Fundi wetu aliona klipu ikiporomoka sekunde ya 19, wakati mstari wa video mama dakika 7:59 ulikuwa umenyooka. Alipoitazama tena akaona: sekunde ile mkono wake unakwenda pembeni kuchukua uzi mwembamba wa waya wa kuzibulia, na kwenye picha ya wima mkono umetoka nje. Mtazamaji anabaki kuangalia benchi lenye grisi. Ukikata wima, uwiano wa 9:16, ndani ya picha ya mlalo ya 1920 kwa 1080, unabaki na upana wa pikseli kama 607, chini ya theluthi moja ya picha. Kazi za mikono huumia sana hapo kwa sababu mikono haikai katikati. Dawa ni kuusogeza ukataji ufuate mkono, au siku ya kurekodi uweke vifaa vyote karibu na kinachofunguliwa.

Sababu nyingine ya kushuka upande wa klipu peke yake ni muktadha uliobaki nyuma. Video mama ilikwishaeleza dakika ya tatu kwamba jeti ndogo ndiyo inayolisha injini ikiwa bado haijaongezewa mafuta, kwa hiyo mtu wa klipu akisikia "sasa ile ndogo tuliyoisema" hajui inasemwa ipi. Sentensi moja ya maandishi juu ya picha hutosha.

Video mama ikishuka na klipu ikatulia, hiyo ni habari njema kwa klipu na ni onyo kwa mama. Mara nyingi kilichotangulia kilichosha watu. Pengine sehemu hiyo ingekuja mapema.

Neno kuhusu vilima. Kwenye grafu ya video mama kuna mahali mstari unapanda, na watu wengi huchagua kukata klipu hapo wakidhani ndipo panapopendwa. Kilima maana yake watu walirudi kutazama tena, na mtu hurudi kwa kufurahi au kwa kutoelewa. Kwenye video za ufundi, mara nyingi ni kutoelewa: skrubu imezungushwa haraka, wakarudi kuhesabu mizunguko. Ukikata hapo bila kuongeza maelezo, klipu inarithi kitendawili. Soma maoni ya video mama kuhusu dakika hiyo kabla ya kuamua.

Hatua ya 4: Pima kama klipu ilimletea mama watu

Kuangalia tu vyanzo vya watazamaji, "Traffic source", ni mwanzo mzuri, lakini hakutoshi. Kuna mtu aliyeona klipu, hakubonyeza kitu, jioni akaandika "kusafisha kabureta Boxer" kwenye utafutaji. Huyo Studio itamhesabu kama mtu wa utafutaji. Kwa hiyo pima pia kwa kulinganisha kabla na baada.

Wiki mbili kabla ya klipu, video mama ilitazamwa mara 308. Wiki mbili baada, mara 434. Zimeongezeka 126. Usishangilie bado, kwa sababu huenda wiki hizo chaneli nzima ilipanda: shule zimefungwa, watu wana nafasi, au YouTube yenyewe imeipendekeza chaneli. Tafuta video ya ushahidi: ndefu, ya chaneli hiyohiyo, yenye umri unaokaribiana, isiyo na klipu. Iwe ya mada ya mbali kidogo. Fundi wetu alichukua ya kubadilisha brekshuu, maana ile ya kusafisha plagi ingeweza kufaidi wageni wa klipu nayo, na ushahidi ungeharibika.

Video ya brekshuu ilitoka 280 ikaenda 336 katika wiki zilezile, yaani ilipanda kwa moja ya tano bila klipu yoyote. Basi hata video mama ingepanda hivyo yenyewe: 308 ingefika karibu 370. Kilichozidi hapo ndicho tunachoweza kuihesabia klipu, nacho ni 64.

Kwenye Google Sheets, weka za video mama safu B na za ushahidi safu C, mstari wa 2 kabla na mstari wa 3 baada. D3 weka "Engaged views" za klipu kwa wiki hizohizo mbili, ambazo hapa zilikuwa 18,000 kati ya zile 18,500:

```
=B3-B2*C3/C2
=1000*(B3-B2*C3/C2)/D3
```

Ya kwanza inatoa 64.4. Ya pili inatoa karibu 3.6, yaani kati ya kila mara elfu moja klipu ilipotazamwa kwa dhati, video mama ilipata mara tatu au nne. Namba hiyo ya pili ndiyo utakayolinganisha klipu kwa klipu. Klipu yenye 6,000 inayoleta kumi kwa elfu imemfaa mama karibu sawa na ile yenye 18,000, hata kama hakuna aliyekusifu mtaani kwa ajili yake.

Halafu jiulize kama 64 si upepo tu. Rudi nyuma uangalie vipindi vitatu vya wiki mbili kabla ya klipu. Vikiwa 290, 325 na 308, mabadiliko ya kawaida ni kama 35, na 64 inavuka mpaka huo. Ingekuwa vipindi hivyo vinarukaruka kutoka 230 hadi 390, ungepaswa kusema tu kwamba athari haionekani, ukasubiri klipu nyingine mbili tatu.

Hatua ya 5: Angalia wageni walikaa muda gani

Kabla ya klipu, wastani wa kutazama video mama ulikuwa dakika 6:10. Baada yake ukashuka hadi 5:20. Ukiona hivyo usikimbilie kusema klipu imeiharibu video. Hesabu dakika zote: 308 kwa 6:10 ni kama dakika 1,900, 434 kwa 5:20 ni kama 2,315. Zimeongezeka dakika 415 kwa mitazamo 126 ya ziada, ambayo ni dakika tatu na ushei kila mmoja. Wa zamani huenda wanakaa kama walivyokuwa wakikaa, ila wamechanganyika na wageni wasio na subira.

Mgeni wa klipu anatafuta kitu kimoja: mwendelezo wa alichokiona. Akikutana na utangulizi na salamu za dakika mbili, anaondoka. Mpe sura za video. Kwenye maelezo ya video mama andika nyakati, ya kwanza iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila sura isipungue sekunde 10. Kisha jina la sura lifanane na maneno yaliyoandikwa kwenye klipu, "Kuzibua jeti ndogo", aione mara moja. Baada ya hapo rudia hesabu hii kwa klipu inayofuata na utazame kama zile dakika tatu zinaongezeka.

Mambo ya kwetu yanayovuruga hesabu

Ripoti ya nchi ichukuliwe kwa tahadhari. Tangu Januari 2021 Facebook imefungwa Uganda, na wengi waliozoea kuwasha VPN huiacha ikiwaka siku nzima. Mtu aliye Jinja anaweza kuonekana yuko Ujerumani au Marekani. Mpakani kama Busia, wapo wanaotumia laini ya Kenya huku wamelala Uganda. Kwa hiyo klipu ikionyesha "watazamaji wa Ulaya" na mama akionyesha Uganda, usijenge mkakati juu ya hilo. Lugha ya maoni ni shahidi bora.

Mtandao ukizimwa, kama ilivyokuwa siku za uchaguzi wa Januari 2021, futa siku hizo kwenye vipindi vyote viwili, vya video mama na vya video ya ushahidi. Usijaribu kuzikadiria.

Na klipu inaweza kulala mwezi mzima kisha ikafufuka. Hilo likitokea, usitumie tarehe ya kuchapishwa. Hesabu wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya siku iliyoanza kupanda, kwa fomula ileile. Video mama ya ufundi nayo hujikusanyia watu polepole kupitia utafutaji, kwa hiyo rudi siku ya 90 uangalie saa zote kwa mara nyingine. Kama saa za klipu zimesimama palepale karibu na 130 na za mama zimevuka 400, klipu zako zinazofuata zikate kwa ajili ya kuleta watu kwa mama, na uzihukumu kwa ile namba ya kwa elfu.